Muuza Nyanya na Daftari la Mauzo

Daftari la mauzo ya kila siku ni kumbukumbu ya fedha na bidhaa zote zilizoingia na kutoka kwenye biashara tangu asubuhi hadi meza inapofungwa. Kwa muuza nyanya wa rejareja, kazi yake kubwa ni kujibu swali moja: baada ya tenga kuisha, ni kiasi gani kimebaki ambacho mtu anaweza kukila bila kugusa mtaji? Jibu hilo halionekani kwenye mkoba, kwa sababu mkobani mtaji, faida, deni lililolipwa na fedha ya kesho hukaa pamoja.

Mfano wa mama mmoja wa soko la Tandika, Dar es Salaam, unaonyesha jinsi daftari linavyofanya kazi. Bei zake ni za mfano tu, maana nyanya hupanda na kushuka kufuata msimu. Mama huyu ananunua nyanya alfajiri kwenye soko la Temeke Stereo, tenga moja kwa shilingi 40,000. Akifika mezani anazipanga mafungu ya shilingi 1,000, na tenga linamtolea mafungu 75 hivi. Ananunua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila tenga anaumaliza kwa siku mbili. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa fupi: 75,000 toa 40,000, faida 35,000 kwa tenga, yaani 105,000 kwa wiki. Pamoja na hayo, karibu kila mwezi ilifika siku ambayo hakuwa na fedha ya kununulia tenga, akalazimika kukopa kwa jirani wa meza au kwa wakopeshaji wa mtaani ambao masharti yao yamewapa jina la kausha damu.

Alianza na kauntabuku na kalamu iliyofungwa kamba. Kila ukurasa ulikuwa wa siku moja. Juu aliandika fedha aliyoanza nayo, ya mkononi na ya kwenye simu. Chini yake zikafuata sehemu tano: mauzo, manunuzi, matumizi ya biashara, vilivyokwenda nyumbani, na madeni. Pembeni aliacha nafasi ya mafungu yaliyotupwa, yaliyotolewa kama nyongeza, na yaliyouzwa kwa bei ya kutupa. Mauzo hakuyaandika jioni kwa kukumbuka. Kila fungu lilipoondoka alichora kijistari, na kila vijistari vitano akavikata kwa mstari. Saa za wateja wengi binti yake ndiye aliyechora. Utaratibu huu ni wa zamani sana. Mwaka 1494 mtawa Luka Pacioli, katika kitabu cha hisabati kilichochapwa Venisi, alimshauri mfanyabiashara awe kwanza na daftari la kuandikia kila jambo dogo linapotokea, likiandikwa na yeyote wa nyumbani anayejua kuandika, kabla ya kuhamishia hesabu kwenye vitabu vikubwa.

Jumatano ya kwanza inatosha kuonyesha jinsi ukurasa unavyofungwa. Mama alianza na shilingi 52,000. Alinunua tenga kwa 40,000, akalipa 3,000 kwa mwenye guta na 1,000 kwa wapakiaji. Nauli yake ilikuwa 1,000, ushuru wa soko 500, ulinzi na usafi 500, na mifuko ya kufungia 1,000. Jumla ya kilichotoka kwa ajili ya biashara ni 47,000. Chai na chakula cha mchana, 2,000, vilikwenda kwenye sehemu ya nyumbani, kwa sababu hata asingekuwa sokoni angekula. Mauzo ya taslimu yalikuwa 31,000, na mteja mmoja alilipa deni la 2,000. Kwa hiyo jioni ilipaswa kubaki 52,000 kujumlisha 31,000 na 2,000, kisha kutoa 47,000 na 2,000, yaani 36,000. Alipohesabu zilikuwa 33,500.

Pengo hilo la 2,500 ndilo linalofanya daftari liaminike au lisiaminike. Likiachwa, kesho yake litaongezeka, na baada ya wiki hakuna atakayejua kosa lilianzia wapi. Likitafutwa jioni ileile, kumbukumbu bado ni mbichi: 2,000 alizompa mtoto kwa ajili ya mchango wa shule, na 500 ya vocha. Zote mbili zikaandikwa nyumbani, na ukurasa ukalingana. Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kusahau salio la simu, hasa kwa wateja wanaolipa kwa namba. La pili ni kuandika deni lililolipwa kana kwamba ni mauzo mapya, ilhali bidhaa ile ilikwishahesabiwa siku ilipokopeshwa. Dalili ya kosa la pili ni mafungu kuwa mengi kwenye daftari kuliko yale tenga lililoweza kutoa.

Ukurasa wa siku moja, hata ukilingana, bado hauonyeshi faida. Jumatano ile iliingiza 31,000 kutokana na mauzo na kutoa 47,000 kwa biashara, ikaonekana hasara. Alhamisi hakununua kitu, fedha ikajaa, ikaonekana siku ya neema. Zote mbili zinadanganya, kwa kuwa tenga lililolipiwa siku moja linauzwa kwa siku mbili. Hesabu ya faida lazima ingoje bidhaa iishe. Kwa nyanya, wiki inafaa: matenga matatu yamenunuliwa, na Jumamosi usiku meza iko tupu. Kama kuna nyanya zilizobaki, huhesabiwa kwa bei ya kununulia na kuongezwa upande wa mapato, kisha wiki inayofuata huanza nazo kama manunuzi.

Wiki ilipofungwa, mambo yalikuwa hivi. Matenga matatu yalitoa mafungu 225. Kati yake 13 yalioza au kupondeka yakatupwa, 9 yaliondoka moja moja kama nyongeza kwa wateja, 10 yalipikwa nyumbani, na 30 yaliuzwa jioni ya siku ya pili kama masalo kwa shilingi 500. Yaliyouzwa kwa bei kamili yalikuwa 163, yakiwemo ya mkopo. Mauzo yote ni 163,000 na 15,000, jumla 178,000. Zile zilizopikwa nyumbani nazo ni mali iliyotoka dukani, hivyo zilithaminiwa kwa bei ya kununulia, karibu shilingi 500 kwa fungu, yaani 5,000. Upande wa pili kuna matenga 120,000 na matumizi ya biashara 30,000: usafiri na upakiaji 12,000, nauli 6,000, ushuru 3,000, ulinzi na usafi 3,000, mifuko 6,000. Toa 150,000 kwenye 183,000, inabaki 33,000.

Faida ya kweli ilikuwa 33,000, si 105,000. Mtu anapokutana na tofauti kubwa namna hii, wazo la kwanza ni kwamba ameibiwa, na katika masoko mengi lawama huangukia kwa mtoto au msaidizi aliyekaa mezani. Daftari linaondoa lawama hiyo kwa sababu tofauti nzima ya 72,000 ina mahali pake. Matumizi madogo ya kila siku yamechukua 30,000. Nyanya zilizooza zimepunguza 13,000, nyongeza 9,000, masalo 15,000, na mboga ya nyumbani 5,000. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyoonekana kubwa siku ilipotokea. Ushuru ni mia tano tu, na nyongeza ni nyanya moja.

Sehemu ya nyumbani ilieleza jambo jingine, ambalo kwa mama huyu lilikuwa zito zaidi. Kwa wiki ile alitoa fedha taslimu 40,000 kwa chakula cha mchana, unga, dagaa, vocha na mambo ya watoto. Ukiongeza nyanya za 5,000, nyumba ilikula 45,000 kutoka kwenye biashara inayozalisha 33,000. Tofauti ya 12,000 ilitoka kwenye mtaji. Wiki tatu na nusu za namna hiyo hufikia 42,000, bei ya tenga moja na chenji. Ndiyo maana mkopo ulirudi kila mwezi kwa mpangilio usiobadilika. Mama alikuwa akiamini kwamba biashara inasuasua kwa kukosa wateja, kumbe wateja walikuwepo na kilichokuwa kikiliwa ni mtaji. Kukopa kwa riba hakukuziba tundu hilo, maana riba nayo ni matumizi ya biashara na hupunguza zile 33,000.

Baada ya wiki nne za kurasa, takwimu za pembeni zilianza kusema zaidi kuliko jumla. Nyanya zilizotupwa hazikugawanyika sawasawa. Nyingi zilitoka kwenye matenga yaliyonunuliwa yakiwa yameiva kabisa, ambayo nyanya za chini hupondwa na uzito wa za juu kabla hata guta halijafika Tandika. Tangu hapo alichagua tenga lenye mchanganyiko wa nyekundu na zinazoanza kuiva, hata likizidi kwa shilingi 1,000 au 2,000, akauza zilizoiva siku ya kwanza na kuziacha ngumu kwa siku ya pili. Masalo nayo yalikuwa mengi zaidi kwenye tenga la Jumatatu, siku ambazo wateja wa Tandika aliowaandika walikuwa wachache. Kwa siku hiyo aligawana tenga na mwenzake wa meza ya jirani, kila mmoja nusu. Kwa upande wa nyumba alijiwekea posho ya shilingi 5,000 kwa siku, ikiwemo chakula chake na nyanya za kupika, yaani 30,000 kwa siku sita. Kiasi hicho kiko chini ya faida kwa 3,000 tu. Hakikumfurahisha, lakini wiki ya kwanza ya posho ilikuwa ya kwanza kwa mtaji wake kutopungua.

Daftari la namna hii lina mipaka ambayo mwenye nalo hana budi kuijua. Wiki moja ni fupi mno kwa bidhaa kama nyanya: masika barabara zikiharibika shambani bei ya tenga hupanda, na mwezi wa Ramadhani ununuzi wa jioni hubadilika, kwa hiyo wastani wa miezi mitatu au minne ndio wa kutegemewa. Gharama zinazokuja mara chache, kama kutengeneza meza au kununua mwavuli mpya, hazimo kwenye 30,000 za wiki na hutakiwa kutengewa kidogo kidogo. Madeni ya wateja yanahesabiwa kama mauzo siku ya kukopesha, lakini deni lisilolipwa kwa miezi miwili lifutwe na kuandikwa hasara, la sivyo faida itakuwa ya karatasi. Halafu kuna kazi ya mwenye biashara mwenyewe. Zile 33,000 ni shilingi 5,500 kwa siku, kwa mtu anayetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi usiku, na kiasi hicho kimebeba ujira wake pamoja na faida ya mtaji. Kama angemlipa mtu mwingine 5,000 kwa siku akae mezani badala yake, biashara ingebakiwa na shilingi 500.