Transfoma Inakula Umeme Hata Usiku wa Manane

Simama karibu na transfoma ya mtaani saa nane usiku, taa za majumbani zikiwa zimezimwa, utaisikia ikivuma. Chuma cha kiini chake kinapoteza umeme muda wote, mtu atumie asitumie. Upotevu wa pili uko kwenye koili, nao hukua kwa kipeo cha pili cha mzigo: mzigo ukiongezeka mara mbili, upotevu huo unakuwa mara nne.

Tuchukue transfoma ya kVA 100 ambayo chuma chake hupoteza wati 300, na koili wati 1,200 mzigo ukijaa. Tuchukulie pia mzigo ni taa na hita tu. Kwenye nusu mzigo, koili hupoteza wati 300, sawa na chuma. Hapo ndipo mchoro wa ufanisi unapofika kileleni, asilimia 98.8, mzigo ukijaa unateremka hadi 98.5. Kwa kilowati 10 tu, ni 97.

Lakini mtaa haukai kileleni. Tuseme jioni unavuta kilowati 80 kwa saa 4, na saa 20 zilizobaki kilowati 10. Kwa siku zinatumika yuniti 520. Koili zimepoteza yuniti 3.3 hivi, chuma 7.2. Ufanisi wa siku nzima ni asilimia 98.0. Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza hasara ya mzigo kamili peke yake anauliza swali dogo. Aanze na ile ya chuma.