Kwa nini "TSh" haikai sawa na bei yake

Ukiangalia bei ya gunia la mahindi kwenye ukurasa wa mauzo mtandaoni, mara nyingi utaona tarakimu kubwa katikati, kushoto kwake "TSh" kwa herufi ndogo, na kulia "kwa gunia", nayo kwa herufi ndogo. Tazama pale chini ambapo herufi zinakanyaga. Katika kurasa nyingi maandishi madogo yameelea pikseli kadhaa juu ya tarakimu, au yamezama chini yake. Msomaji huenda asijue kilichoharibika, lakini anaona vipande vitatu vilivyowekwa karibu karibu badala ya bei moja.

Herufi tunazotumia husimama juu ya mstari usioonekana, kama herufi za mtoto zinavyosimama juu ya mstari wa daftari la shule. Tuuite mstari wa kukalia. Mkia wa "g" na wa "j" hushuka chini yake, na alama ya mkato pia hushuka kidogo, lakini "T", "h", "k" na tarakimu hukanyaga juu yake. Herufi ya ukubwa wowote ina mstari huo. Ukiandika ndogo na kubwa ndani ya aya moja ya kawaida, kivinjari huzikalisha zote kwenye mstari mmoja bila kuombwa.

Kwa hiyo kasoro hii haitokani na tofauti ya ukubwa peke yake. Huingia siku mtengenezaji wa ukurasa anapotaka kudhibiti nafasi kati ya vipande, akaandika `display: flex`. Kuanzia hapo "TSh", "85,000" na "kwa gunia" si maneno ya sentensi moja tena. Kila kimoja kimekuwa kisanduku chenye urefu wake, na kivinjari kinapanga visanduku, hakipangi herufi.

Tuufanyie hesabu mfano huu. Maandishi madogo yana pikseli 14, bei ina pikseli 32, fonti ni Roboto, na kimo cha mstari ni mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Kisanduku kidogo kitakuwa na urefu wa pikseli 21, kikubwa 48. Roboto hutenga takriban asilimia 93 ya ukubwa wa herufi kwa sehemu iliyo juu ya mstari wa kukalia, na asilimia 24 kwa sehemu iliyo chini yake. Kimo cha mstari kikizidi jumla ya hizo mbili, ziada hugawanywa nusu juu, nusu chini. Ukijumlisha, mstari wa kukalia wa "TSh" uko kama pikseli 15 kutoka juu ya kisanduku chake, na wa "85,000" uko kama pikseli 35.

Usipoagiza chochote, visanduku vyote huanzia juu kwa pamoja. "TSh" itaelea pikseli 20 juu ya mahali pake. Kasoro ya kiasi hicho kila mtu anaiona, na hapo ndipo mtengenezaji anaandika `align-items: center`. Picha inatulia, anaridhika, anaendelea na kazi nyingine. Lakini `center` imelinganisha vitovu vya visanduku tu. Kisanduku kidogo kimeshuka pikseli 13 na nusu, kwa hiyo mstari wake wa kukalia uko karibu pikseli 29, ilhali wa bei uko 35. Zimebaki pikseli 6. Kwa maoni yangu hii ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu inafanana na kazi iliyokamilika.

Wengine hapo hujaribu kuchezea kimo cha mstari. Chini ya `center` hawatapata kitu, na sababu yake inafaa kueleweka. Kimo cha mstari huongeza nafasi sawasawa juu na chini, kwa hiyo umbali kutoka kitovu cha kisanduku hadi mstari wa kukalia haubadiliki. Umbali huo ni nusu ya tofauti kati ya sehemu ya juu na sehemu ya chini ya herufi. Kwa Roboto ni kama asilimia 34 ya ukubwa wake. Ukubwa wetu unatofautiana kwa pikseli 18, na asilimia 34 ya 18 ni 6 na kidogo. Pengo litabaki hapo hata ukiweka kimo kipi, na litapanuka kadiri bei inavyokuzwa. Ukitumia `flex-end`, kasoro hugeukia upande wa pili: "TSh" huzama pikseli 7 chini ya tarakimu.

Dawa yake ni neno moja tu:

```css
.bei {
  display: flex;
  align-items: baseline;
  gap: 6px;
}
```

Sasa kivinjari kinatafuta mstari wa kukalia ndani ya kila kisanduku na kuilinganisha, hata fonti au ukubwa vikibadilika. Hapa ndipo dawa hii inapoishinda ile ya kusukuma maandishi kwa mkono, mathalani kwa `top: 6px`. Pikseli 6 zilipimwa kwa Roboto. Simu isiyoipata Roboto itatumia fonti nyingine yenye vipimo vingine, na mzee aliyeongeza ukubwa wa maandishi kwenye kivinjari chake ataona herufi zimekua huku msukumo umebaki uleule.

Kuhakiki ni rahisi. Kuza ukurasa, kisha weka ukingo wa kadi kwenye skrini chini ya "T" na "h", uone kama unagusa pia miguu ya tarakimu. Usipime kwa mkia wa "g" wala kwa alama ya mkato. Tarakimu za mviringo kama 0 na 8 huchorwa zikivuka mstari kwa kiasi kidogo sana, makusudi, ili jicho lisizione zimepanda. Hilo si kosa. Na kama fonti ni Georgia, kuwa mwangalifu zaidi: 3, 4, 5, 7 na 9 zake hushuka chini ya mstari kwa kawaida, kwa hiyo bei inaweza kuonekana imepinda ilhali mpangilio ni sahihi.

Mtego mmoja huwasumbua hata wazoefu. Tuseme badala ya "TSh" tupu umeweka kikundi kidogo chenye alama ya picha kisha neno, nacho kimepangwa kwa `flex` na `center`. Ukikilinganisha na bei kwa `baseline`, kivinjari huchukua mstari wa kukalia wa kitu cha kwanza katika kikundi. Kitu hicho ni picha, na picha haina mstari, kwa hiyo ukingo wake wa chini ndio unaotumika. Neno lililo pembeni halihesabiwi, na kasoro inarudi ingawa umeandika neno sahihi. Kikundi cha ndani nacho kipewe `baseline`, kisha picha peke yake ipewe `align-self: center`, na neno litakuwa ndilo linalopimwa.

Maandishi marefu nayo yana kanuni yake. "Kwa gunia la kilo mia" likivunjika mistari miwili kwenye simu nyembamba, mstari wa kwanza ndio utakaokaa sawa na bei, na wa pili utaning'inia chini. Ukitaka wa mwisho ndio ukae sawa, andika `last baseline`, ambayo vivinjari vya sasa vinaielewa. Na ukiamua vipande vipangwe kimoja chini ya kingine kwa `flex-direction: column`, agizo la `baseline` halitakuwa na kazi: vitaanzia upande mmoja tu, kama vile umeandika `flex-start`.