Jina Limefichwa, Mtu Kaonekana

Barua ya mfanyakazi anayefichua ubadhirifu kazini kwake huwa ndefu, na mara nyingi imeandikwa kwa hasira. Wakubwa wanaopaswa kuamua kama uchunguzi ufanyike huenda wasiisome yote. Wanasoma ukurasa mmoja uliofupishwa na mtu mwingine: mkaguzi wa ndani, ofisa utumishi, au katibu wa chama cha ushirika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayotaka utambulisho wa mtoa taarifa ulindwe. Hata hivyo, anayeandika ukurasa ule huwa peke yake na kalamu yake, na sentensi moja tu yaweza kumuuza mtu aliyeahidiwa siri.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri amepokea barua kutoka kituo cha afya. Sehemu yake inasema hivi: “Mfamasia wetu ni mwizi mkubwa. Usiku wa tarehe 14 Machi nikiwa zamu peke yangu niliona katoni 20 za dawa ya mseto zikipakiwa kwenye gari. Kwenye leja zimeandikwa zimekwenda zahanati ya jirani, lakini muuguzi wa kule kaniambia hazikufika. Leja nimeipiga picha. Mganga mfawidhi anajua yote, ndiyo maana nyumba yake imeisha haraka.”

Kwanza tutenganishe tuhuma na maneno yaliyozizunguka. “Mwizi mkubwa” si tuhuma, ni hukumu, na hukumu haimo katika mamlaka ya mtoa taarifa wala ya anayefupisha. Tuhuma zenyewe ni tatu: katoni 20 zilitoka stoo usiku kwa gari, leja inaonyesha zimetolewa kwa zahanati ambayo haikuzipokea, na mganga mfawidhi alilijua jambo hilo. Habari ya nyumba inahitaji uangalifu zaidi. Kuifuta kabisa ni kumchagulia mchunguzi cha kuona, na kuiacha ilivyo ni kumchafua mtu kwa dhana. Iandikwe kuwa mtoa taarifa anahusisha ujenzi wa nyumba na tukio hili, na kwamba hakutaja ushahidi wowote wa uhusiano huo.

Maneno ya kuunganishia nayo yana upande. Ukiandika “imebainika” au “alikiri” umeshafunga kesi. Ukiandika “eti” umemgeuza mtoa taarifa kuwa mzushi. “Inasemekana” huonekana salama, lakini huficha nani kasema, na msomaji hajui kama ni mtu mmoja aliyeona au ni mtaa mzima unaonong’ona. Mimi hupendelea “taarifa inaeleza kuwa”, kisha tukio, bila vivumishi. Vilevile mfamasia asiitwe mtuhumiwa katika hatua hii. Hakuna aliyemhoji wala kumfungulia jalada, kwa hiyo “anayetajwa” inatosha.

Ushahidi uwekwe mahali pake, ukionyesha umetoka wapi. Katika barua yetu, upakiaji wa katoni ni jambo ambalo mwandishi aliliona kwa macho yake. Kutofika kwa dawa ni jambo alilosikia kwa mtu mwingine. Utoaji wa dawa ni jambo lililomo kwenye hati, yaani leja. Na kwamba mganga mfawidhi anajua, hilo ni hitimisho lake mwenyewe. Kuna swali jingine ambalo wafupishaji wengi hulipita: picha ya leja imetajwa tu, au imeambatishwa? Kama haimo ndani ya bahasha, muhtasari useme “imetajwa, haikuambatishwa”. Nimeona mihtasari ikiandika “kuna picha”, na kikao kizima kikaamini mtu fulani anayo, ilhali hakuna aliyewahi kuiona.

Majina ndiyo yanayoumiza. Barua inataja watu watatu, lakini hawako daraja moja. Mfamasia anatajwa kuwa ametenda. Mganga mfawidhi anatajwa kuwa alijua. Muuguzi hatuhumiwi kitu. Ni shahidi, tena pengine hajui kwamba maneno yake yameandikwa popote. Ukiwapanga wote chini ya kichwa “Watu waliotajwa” bila kueleza nafasi zao, muuguzi ataingia kikaoni kama mshukiwa. Kwa hiyo kila mmoja apewe herufi, A, B na C, na nafasi yake katika tuhuma ielezwe. Orodha inayounganisha herufi na majina ikae kwenye karatasi nyingine, chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Cheo nacho kichunguzwe, kwa kuwa kituo chenye mfamasia mmoja hakihitaji jina ili kila mtu amjue.

Tumfikie mtoa taarifa mwenyewe. Jina lake halimo kwenye barua, na wengi wangeridhika hapo. Lakini rudia kusoma: “usiku wa tarehe 14 Machi nikiwa zamu peke yangu”. Ratiba ya zamu imebandikwa ukutani. Yeyote atakayeona sentensi hiyo atamfahamu kabla chai haijapoa.

Jambo hili limewahi kutokea mbali na kwetu, katika idara iliyobobea kwa siri. Mwaka 2017 Reality Winner, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni iliyofanya kazi na shirika la kijasusi la NSA la Marekani, alipeleka waraka wa siri kwa chombo cha habari. Nakala ilipoonyeshwa kwa serikali ili kuthibitishwa, ilikuwa na dalili za kukunjwa, ishara kwamba ilichapwa kwenye karatasi. Kumbukumbu zilionyesha watu 6 tu walikuwa wameuchapa waraka huo, na kompyuta ya kazini ya mmoja wao ilikuwa imewasiliana na chombo kile kwa barua pepe. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Hakuna aliyelitaja jina lake. Karatasi yenyewe ilitosha.

Kwa sababu hiyo picha ya leja isiambatishwe kwenye muhtasari unaozunguka. Pembe iliyopigiwa, kivuli, hata kona ya meza vinaweza kueleza nani alisimama pale. Maneno ya barua nayo yasinukuliwe neno kwa neno, maana watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi hutambuana kwa namna ya kusema.

Je, tukiondoa usiku ule, si tunaipunguzia tuhuma nguvu? Hapa ndipo ufundi ulipo. Ukurasa unaozunguka usimame juu ya jambo ambalo yeyote angeweza kuligundua: leja inaonyesha katoni 20 zimetolewa kwa zahanati, na inadaiwa hazikupokelewa. Mkaguzi anaweza kulinganisha leja na hati ya kutolea dawa yenye saini ya mpokeaji, pamoja na kumbukumbu za zahanati kadhaa kwa mpigo, kama ukaguzi wa kawaida. Hakuna atakayejua kulikuwa na barua. Habari ya upakiaji wa usiku, pamoja na maneno ya muuguzi, iingie kwenye kiambatisho kilichofungwa, kisomwe na mchunguzi tu.

Hatua ya mwisho ni kuuliza ukurasa utapita mikononi mwa nani. Mganga mfawidhi ndiye katibu wa kamati ya kituo, na barua inamtaja. Kama utaratibu wa kawaida ni kupeleka nakala kwa kamati, safari hii nakala isiende huko; ielekezwe ngazi ya juu yake, au TAKUKURU, ambayo namba yake ya bure ni 113. Kabla ya kusaini, mwandishi ausome muhtasari kama B angeusoma, akiwa na ratiba ya zamu mkononi, na kila neno litakalompunguzia B idadi ya watu wa kuwashuku lihamishiwe kwenye kiambatisho.