Siku Thelathini Zilizopita, Kuanzia Leo Ipi?

Chukua duka la dawa lililo jirani na hospitali, linalouza usiku na mchana. Mwenye duka ana swali moja kila asubuhi: katika siku 30 zilizopita, kila dawa imetoka pakiti ngapi? Akishapata jibu ndipo anapoagiza mzigo. Tuseme fundi wake wa kompyuta alimtengenezea ripoti ya Excel tarehe 1 Mei 2025, na ndani ya fomula akaandika kwa mkono kuwa hesabu ianze tarehe 1 Aprili iishie 30 Aprili. Siku hiyo ripoti ilikuwa sahihi kabisa.

Ikifika katikati ya Juni, ripoti ile ile bado inahesabu Aprili. Juu kumeandikwa "Mauzo ya siku 30 zilizopita", chini takwimu zimepangika vizuri, na hakuna onyo lolote. Malaria huongezeka baada ya mvua za masika, kwa hiyo dawa yake inatoka kwa kasi kuliko ilivyokuwa Aprili, lakini mwenye duka anaagiza kwa kipimo cha Aprili. Akija kugundua, rafu ni tupu na wagonjwa wanarudishwa mlangoni. Kosa la aina hii ndilo ninaloliogopa kuliko yale yanayozima kompyuta, maana kompyuta ikizima mtu anaita fundi siku hiyo hiyo. Hapa dalili ni moja tu: duka linauza kila siku, lakini jumla ya ripoti haisogei hata kwa pakiti moja.

Tiba yake ni kutoandika tarehe ndani ya fomula, bali kuandika namna ya kuipata. Excel ina `TODAY()`, inayorudisha tarehe ya leo kila faili linapofunguliwa au kukokotolewa upya. Ndani yake, Excel huiweka tarehe kama namba ya kawaida: kwa mpangilio wake wa kawaida, 1 Januari 1900 ni 1, na 15 Juni 2025 ni 45823. Ndiyo maana unaweza kutoa 30 kwenye tarehe kama unavyotoa kwenye namba nyingine yoyote. Ukitoa, unapata 45793, yaani 16 Mei.

Mimi hupendelea "leo" ikae kwenye kisanduku kimoja tu, na fomula zote ziitazame hapo. Tuseme safu ya A ina tarehe na saa ya mauzo, B jina la dawa, C idadi ya pakiti. Kisanduku cha F1 tunaandika `=TODAY()`, jina la dawa tunayoitafuta linakaa E2, na jumla tunaipata hivi:

```
=SUMIFS(C:C, B:B, E2, A:A, ">="&$F$1-30, A:A, "<"&$F$1)
```

Tazama alama mbili za mipaka, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwanzo ni "kuanzia", na 16 Mei imo. Mwisho ni "kabla ya leo", na 15 Juni haimo. Hesabu kwa vidole: kutoka 16 hadi 31 Mei ni siku 16, kutoka 1 hadi 14 Juni ni siku 14, jumla 30. Ukiijumuisha na leo unapata siku 31, tena hiyo ya mwisho ni siku isiyokamilika: ripoti ya saa mbili asubuhi itakuwa na mauzo ya saa chache, ya saa kumi na mbili jioni itakuwa na karibu ya siku nzima, na namba mbili za siku moja hazitalingana.

Kuna anayefikiri kwamba afadhali aandike "hadi jana", yaani `"<="&$F$1-1`. Kwa Kiswahili maneno yanafanana, kwa kompyuta hayafanani. Jana peke yake, bila saa, maana yake ni jana ile dakika ya usiku wa manane siku inapoanza. Pakiti iliyouzwa jana saa nne asubuhi ina namba yenye desimali, 45822.4 na kitu, ambayo ni kubwa kuliko 45822, kwa hiyo inaachwa nje. Siku nzima ya jana inapotea, na ripoti inabaki na siku 29. Kwa hiyo mpaka wa mwisho uwe "kabla ya leo" daima.

Duka likikua na mauzo yakahamia kwenye hifadhidata, mantiki ni ile ile. Katika PostgreSQL tunaandika:

```
SET TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam';

SELECT dawa, sum(pakiti)
FROM mauzo
WHERE muda >= current_date - 30
  AND muda <  current_date
GROUP BY dawa;
```

Huo mstari wa kwanza usiufute. Seva nyingi huendeshwa kwa saa za UTC, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Ripoti ikipangwa ijiendeshe yenyewe saa nane usiku wa kuamkia 15 Juni, kwa UTC bado ni 14 Juni, saa tano usiku. `current_date` inarudisha 14, na siku ya mwisho iliyokamilika inayohesabiwa ni 13. Mauzo ya 14 yanaachwa. Zaidi ya hapo, kila siku ya seva inaanza kwetu saa tisa usiku, kwa hiyo dawa iliyouzwa saa saba usiku inaandikiwa siku iliyopita. Duka la mchana halitaona tofauti, lakini duka linalohudumia wagonjwa wa usiku litaiona. Njia ya kubaini ni kuiomba hifadhidata ionyeshe `current_date` saa nane usiku, kisha kulinganisha na kalenda ya ukutani.

Tarehe inayojihesabia ina upungufu wake pia. Faili la 15 Juni likifunguliwa Agosti, `TODAY()` itasoma Agosti, na namba alizotumia mwenye duka kuagiza mzigo wa Juni hazitaonekana tena. Hapo F1 inasaidia: kwenye nakala ya faili, andika 15 Juni 2025 badala ya `=TODAY()`, na ripoti inarudi ilivyokuwa, mradi kumbukumbu za mauzo hazijarekebishwa. Nasema kwenye nakala, kwa sababu ukiiandika kwenye faili la kazi na kusahau kuirudisha, umerudi kwenye tatizo la Aprili.

Pia siku 30 si mwezi. Ritani ya VAT Tanzania ni ya mwezi wa kalenda, na hesabu za kipindi kilichofungwa zinataka tarehe zilizotajwa wazi, zisizosogea. Hata kwa kulinganisha mauzo ya kipindi na kipindi, siku 30 ni wiki nne na siku mbili: zile za 16 Mei hadi 14 Juni 2025 zina Ijumaa tano na Jumamosi tano, na siku nyingine nne nne. Kama duka lako huuza zaidi mwisho wa wiki, tumia siku 28.

Kama una ripoti unayoitegemea, ifungue leo na utafute tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mauzo iliyohesabu. Kama hazionekani popote, mwambie aliyeitengeneza aziandike juu kabisa, zikitoka kwenye hesabu yenyewe, kabla hujaagiza mzigo mwingine.