Maswali Baada ya Titresheni

Katika zoezi la titresheni linalofanywa katika maabara nyingi za shule, sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksaidi hupimwa kwa pipeti na kutiwa kwenye chupa ya koniki. Asidi ya ethanoiki, iliyomo katika siki, hudondoshwa kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ya fenolfthalini itoweke. Tuseme jaribio la kwanza, la kukadiria, lilitumia 24.90 za asidi, na matatu yaliyofuata yakatumia 24.20, 24.30 na 24.25.

Swali la kwanza ni wastani. La kukadiria huachwa, kwa kuwa asidi ilimiminwa haraka na kupita kikomo. Matatu yaliyobaki hutoa 24.25. Kila usomaji wa bureti una shaka ya 0.05, na ujazo uliotumika hutokana na kusoma mara mbili, mwanzo na mwisho. Kwa hiyo shaka yote hufika 0.10, yaani takribani asilimia 0.4.

Hata hivyo, majibu kukaribiana si ushahidi kwamba ni sahihi. Mwanafunzi anayepuliza tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti huongeza besi kidogo kila mara. Majibu yake yatafanana, lakini yote yatazidi. Bureti iliyosuuzwa kwa maji pekee huzimua asidi, hivyo ujazo unaohitajika huongezeka. Ndiyo maana husuuzwa pia kwa asidi yenyewe. Chupa ya koniki, kinyume chake, husuuzwa kwa maji tu: maji yanayobaki humo hayabadili kiasi cha besi kilichopimwa.

Swali linalowatatiza wengi ni kwa nini ilitumika fenolfthalini, si methili oranji. Asidi ya ethanoiki ni dhaifu na sodiamu haidroksaidi ni besi kali. Zikimalizana, hubaki chumvi ambayo myeyuko wake una ubesi kidogo, pH karibu 8.7. Fenolfthalini hubadilika kati ya pH 8.3 na 10, kwa hiyo rangi yake hutoweka papo hapo kwenye kikomo. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Hapo kwenye 24.25 ingekuwa bado njano. Hata asidi ikiongezwa mpaka maradufu, 48.50, pH ingekuwa karibu 4.8 na rangi ingebaki njano, huku bureti ya 50 ikikaribia kwisha.

Matone mawili au matatu ya kiashiria hutosha. Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu, na kikizidi huingilia hesabu inayopimwa.

Kwa hiyo jibu kwamba “fenolfthalini huonekana vizuri” halitoshelezi. Sababu kamili hutaja nguvu ya asidi, nguvu ya besi na pH ya kikomo.