Kusoma Skoa ya Beethoven: Anzia Mistari ya Chini

Fungua ukurasa wa kwanza wa skoa ya Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808. Mistari ya nota imejaa toka juu hadi chini, moja kwa kila ala, na yote husomwa kwa wakati mmoja. Jicho litue wapi?

Tazama kwanza ukingo wa kushoto, ambako mabano hufunga kila familia pamoja. Juu kabisa ni ala za kupuliza za mbao: filimbi, obo, klarineti na fagoti. Zinafuata pembe na tarumbeta, kisha ngoma za timpani, na chini kabisa familia ya nyuzi, yaani fidla za kwanza na za pili, viola, chelo na besi. Anzia huko chini, kwa sababu katika muziki wa enzi hiyo nyuzi ndizo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Nota nne maarufu za mwanzo wanazipiga wao. Katika baa ya 6 fidla za pili huanza, ya 7 viola hudakia, ya 8 ni zamu ya fidla za kwanza. Jicho linaruka mistari mitatu tu.

Huko juu, klarineti nazo zinapiga nota zile zile za mwanzo, lakini zimeandikwa A, A, A, F ilhali fidla zina G, G, G, E-flati. Si kosa la mchapaji. Hii ni klarineti ya B-flati: mpigaji akisoma C, inasikika B-flati, toni moja chini. Ndiyo maana mstari wake una alama moja ya flati wakati fidla zina tatu.

Pembe za E-flati hazina alama hata moja. Katika baa ya 59 zinapaza wito peke yake, ulioandikwa G, G, G, C, D, G. Aliyezoea solfa kwaya atausoma papo hapo: so, so, so, do, re, so. Mpige do iwe E-flati, nawe umepata sauti halisi: B-flati mara tatu, E-flati, F, B-flati.

Wito huo unaporudi baadaye, do imehamia C. Pembe za wakati ule hazikuwa na vali, na za E-flati zisingeweza kuutoa vizuri kwenye do hiyo mpya. Ukiutafuta kwenye mstari wa pembe hutauona. Panda hadi kwa fagoti, ndizo alizozipa Beethoven.