UGANDA: BEI YA SAHANI IKIPANDA, MTEJA AAMBIWE VIPI?

Upande wa Jinja, penye viwanda na mashamba ya miwa, wafanyakazi wengi hula mchana kwa akina mama wanaopika karibu na lango. Chakula ni posho, yaani ugali, na maharage. Mara nyingi huliwa kwa daftari na kulipwa siku ya mshahara. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa yatokayo kaskazini ya nchi hiyo, na wapishi wa mijini wakaona jinsi jambo la mbali linavyofika chunguni. Siku hizi wengi wao huwapasha wateja habari kwa WhatsApp. Kwa kuwa wapishi hao ni wake zetu na wenzetu walioachishwa kazi, na wateja ni sisi wenyewe, jambo hili latuhusu pande zote mbili.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza sahani 60 kwa siku, kila moja shilingi 2,000. Amepiga hesabu akaona makaa yameongezeka shilingi 9,000 kwa siku, unga 6,000 na maharage 9,000. Jumla ni 24,000, yaani 400 kwa kila sahani. Lakini bei ya 2,400 itamsumbua kwa chenji kila mchana, kwa hiyo ataweka 2,500. Hiyo mia inayozidi gharama wateja wataiona, maana mfanyakazi hujua kuhesabu. Afadhali irudi sahanini kwa namna inayoonekana, kama vile mboga za majani.

Sasa ujumbe. Katika simu kuna njia iitwayo New broadcast. Mama huchagua majina, hata kufikia 256 katika orodha moja, akaandika mara moja, na kila mtu akapata ujumbe peke yake kama ulioandikwa kwake. Majibu nayo humrudia mama faraghani. Katika kundi la pamoja, mmoja akinung'unika saa mbili usiku, hadi asubuhi zamu nzima imeshanuna. Na kwa kuwa ujumbe humfikia mtu mmoja mmoja, usianze kwa "wateja wapendwa" kama tangazo la ukutani. Mwandikie mtu mmoja:

"Ndugu yangu, ni mimi mama wa posho wa langoni. Kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni sahani ya posho na maharage itakuwa shilingi 2,500 badala ya 2,000. Makaa, unga na maharage vimepanda. Sahani haitapungua, na kila siku nitaweka mboga za majani. Chai na chapati bei ni ile ile. Ulichokula mpaka tarehe 31 Mei utakilipa kwa 2,000, kama kilivyoandikwa daftarini. Ukiwa na neno, nijibu hapa. Asante."

Bei mpya na ya zamani zimekaa pamoja, mwanzoni. Anayezificha chini ya maneno marefu ya hali ya uchumi humfanya msomaji adhani anazungukwa. Sababu imetajwa kwa sentensi moja tu. Sentensi ya daftari ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu hofu ya kwanza ya mwenye deni ni kwamba deni lake litahesabiwa upya. Ujumbe huu upelekwe kama tarehe 18, jioni baada ya kazi, ili mtu apange mshahara wake wa mwisho wa mwezi akijua. Ukipelekwa tarehe 31 usiku, ni sawa na kumvizia.

Kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ujumbe wa namna hii haumfikii mtu ambaye hakuhifadhi namba ya mama katika simu yake, na simu haimwonyi mama. Basi kesho yake aubonyeze ujumbe huo kwa muda, afungue Info, atazame majina yaliyo chini ya Delivered to. Akikuta 43 kati ya 60, wale 17 huenda hawana namba yake, au simu zao zimezimwa. Awaambie kwa mdomo wanapokuja kula, pamoja na wasio na simu za namna hiyo. Asingoje alama za buluu, maana wengine wamezifunga, nao wanasoma bila kuonekana.

Majibu yatakuja. Yupo atakayeomba abakiziwe 2,000 kwa siri. Mama asikubali, kwani kiwandani hakuna siri ya bei, na wale 59 watajiona wajinga. Mwenye shida ya kweli anaweza kupewa nusu sahani kwa 1,300, mradi nusu hiyo iwe wazi kwa kila atakayeitaka.